Mizigo miwili, kapi moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Swali hili hunifikia kwa picha karibu kila muhula. Mwanafunzi amepiga picha ukurasa wa daftari kwa simu: juu kuna kiduara kilichoshikizwa kwenye dari, uzi umepita juu yake, na kila upande kumening'inia kisanduku chenye namba. Chini ya picha ameandika, "Mwalimu shikamoo, naomba mchapuko na mkazo wa uzi." Hapa nimejibu yale wanayoniuliza zaidi, nikitumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mzigo wa kushoto 3 kg, wa kulia 5 kg, na g = 10 m/s².

Nikishaipata picha, nianzie wapi?

Fuata uzi kwa kidole kabla hujaandika fomula yoyote. Anzia kwenye mzigo mmoja, panda nao mpaka kwenye kapi (wengine mlifundishwa kuliita roda), kisha shuka upande wa pili hadi uzi unapoishia. Kama mizigo yote miwili inaning'inia hewani, uko kwenye swali letu. Kama mmoja umekaa juu ya mstari wa mlalo, huo uko mezani, na hesabu yake nimeiweka chini.

Kuwa mwangalifu na mistari iliyoinama. Simu ikishikwa upande, meza huonekana kama mlima, na mwanafunzi anaanza kutafuta pembe ambayo haipo. Linganisha mstari huo na mistari ya daftari au ukingo wa karatasi. Ukienda sambamba nayo, iliyoinama ni simu tu. Mteremko wa kweli karibu kila mara huandikiwa pembe, kama 30°, kwenye kona ya chini.

Kisha tazama kapi limeshikwa wapi. Katika swali letu ekseli yake imefungwa darini, kwa hiyo kapi linazunguka lakini halisogei. Ukiona kapi limebebwa na uzi wenyewe, na mzigo umefungwa chini ya kapi, hilo ni swali jingine: kapi linatembea, na mzigo uliofungwa chini yake huenda nusu ya mwendo wa ule ulio kwenye ncha ya uzi. Usilitatue kwa hesabu za ukurasa huu.

Mwisho, soma kipimo kilicho pembeni ya namba. "5 kg" ni tungamo, lakini "50 N" ni uzito. Ukikuta N, gawanya kwa g kwanza ndipo upate tungamo.

Namba kwenye picha haisomeki. Nikisie?

Usikisie. Muhula mmoja nililetewa picha iliyopigwa usiku chini ya taa, na kivuli cha mkono kimepita juu ya kisanduku cha kushoto. Nilisoma 8 kg, nikatatua, nikatuma jibu. Mwanafunzi akanijibu kwa adabu kwamba kitabu kinasema 2.5 m/s², sisi tumepata 2.3. Tukaanza kutafuta kosa kwenye aljebra, na aljebra haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa 3, sio 8.

Tofauti ya 2.3 na 2.5 ni ndogo kiasi kwamba mtu angeweza kudhani ni kukadiria tu desimali. Lakini ukiangalia vizuri, kila kitu kilikuwa kimegeuka: kwa 8 na 5, upande wa kushoto ndio unaoshuka, na mkazo wa uzi ni kama 61.5 N badala ya 37.5 N. Hivyo tafuta kwenye maneno ya swali kitu kinachotaja mwelekeo. Swali letu lilikuwa na kipengele cha pili kilichosema "mzigo wa kulia unapofika sakafuni". Sentensi hiyo peke yake ingetosha kuniambia kwamba wa kulia ndio mzito. Siku hizi naomba picha ya swali zima, maneno pamoja na mchoro, na siyo mchoro uliokatwa.

Hesabu yenyewe inakwendaje?

Chora kila mzigo peke yake, mbali na mwenzake. Usichore kapi. Mzigo wa kulia una mishale miwili tu: uzito wake, 50 N, unaovuta chini, na mkazo wa uzi, tuuite T, unaovuta juu. Wa kushoto nao una miwili: 30 N chini na T juu. Hakuna mshale wa tatu. Wanafunzi wengi huongeza "uzito wa mzigo wa pili" kwenye mzigo wa kwanza, lakini mzigo wa pili haujaugusa wa kwanza. Kinachougusa ni uzi.

Sasa chagua mwelekeo wa mwendo. Mzito utashuka na mwepesi utapanda, kwa hiyo kwa wa kulia chukua chini kuwa chanya, na kwa wa kushoto chukua juu kuwa chanya. Kanuni ya pili ya Newton inatupa mlinganyo mmoja kwa kila mzigo:

```
Kulia:    50 - T = 5a
Kushoto:  T - 30 = 3a
```

Jumlisha milinganyo hii miwili, T inaondoka:

```
50 - 30 = 8a
a = 20 / 8 = 2.5 m/s²
```

Rudisha 2.5 kwenye mlinganyo wa kushoto:

```
T = 30 + 3 × 2.5 = 37.5 N
```

Kisha, na hatua hii naisisitiza kila mara, iweke pia kwenye mlinganyo wa kulia ambao hukuutumia kupata T: 50 − 5 × 2.5 = 37.5 N. Pande zote mbili zimetoa mkazo ule ule. Zisipokubaliana, umekosea alama ya kutoa mahali fulani, na huna haja ya mwalimu kukuambia.

Kama karatasi yako inataka g = 9.8 m/s², mchapuko unakuwa 2.45 m/s² na mkazo 36.75 N. Soma mwanzo wa mtihani ujue wanataka g ipi.

Mbona mkazo si 20 N? Si ndiyo tofauti ya uzito?

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo tulipe nafasi.

Ile 20 N ni kani inayobaki baada ya uzito wa pande mbili kushindana, na kazi yake ni kuisukuma mizigo yote miwili, kilo 8 kwa pamoja. Ndiyo maana tuliigawa kwa 8 tukapata mchapuko. Mkazo ni kitu kingine kabisa: ni kani ambayo uzi unauvuta mzigo mmoja nayo. Hebu simama kwenye nafasi ya ule mzigo wa kilo 3. Dunia inauvuta chini kwa 30 N. Kama uzi ungeuvuta juu kwa 20 N tu, ungeshuka. Lakini tunajua unapanda, tena unaongeza kasi. Basi lazima uzi uuvute kwa zaidi ya 30 N.

Sasa hamia upande wa pili. Mzigo wa kilo 5 unashuka ukiongeza kasi, ingawa uzi unauzuia. Lazima uzi uuvute kwa chini ya 50 N, la sivyo usingeshuka. Kwa hiyo kabla hujafanya hesabu yoyote unajua kwamba jibu liko kati ya 30 na 50. Hata 40, ambayo ni katikati kabisa, si jibu. Mkazo huangukia chini ya katikati kila tungamo zinapotofautiana.

Wapo pia wanaojumlisha na kupata 80 N. Hao wamefikiri uzi umebeba mizigo yote miwili. Ushike uzi mahali popote upande wa kushoto kwa mawazo yako: chini ya mkono wako kuna kilo 3 tu.

Kwa nini tunasema mkazo ni ule ule pande zote mbili?

Kwa sababu swali limesema, au limekubali kimya kimya, kwamba uzi ni mwepesi usio na tungamo, na kapi ni jepesi na halina msuguano. Kapi la namna hiyo halihitaji kani yoyote ili lizunguke. Mkazo wa kulia ungekuwa mkubwa kidogo tu kuliko wa kushoto, kapi lisilo na tungamo lingezunguka kwa mchapuko usio na mwisho, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo mikazo inalingana.

Mchapuko kulingana pande zote ni jambo jingine, nalo lina sababu yake: uzi haurefuki. Kila sentimita inayoshuka kulia ni sentimita inayopanda kushoto, kwa muda ule ule. Tumia kipande cha mpira mahali pa uzi, nawe utaona mzigo mmoja ukianza kusogea kabla ya mwenzake.

Swali langu linasema kapi lina kilo 2. Nifanyeje?

Hapo mikazo miwili haitalingana tena, kwa hiyo ziandike T₁ ya kushoto na T₂ ya kulia. Tofauti yao ndiyo inayolizungusha kapi. Kapi likiwa sahani iliyojaa, si pete, ukaidi wake wa kuzunguka unahesabiwa kama nusu ya tungamo lake limeongezwa kwenye mizigo, mradi uzi hautelezi juu yake:

```
a  = 20 / (3 + 5 + 1) = 2.22 m/s²
T1 = 3 × (10 + 2.22)  = 36.7 N
T2 = 5 × (10 - 2.22)  = 38.9 N
```

Upande wa mzigo unaoshuka ndio wenye mkazo mkubwa. Ukipata kinyume chake, mizigo yako inakwenda upande usio sahihi. Angalia pia kwamba nusu ya kipenyo cha kapi haikuhitajika. Ikitajwa kwenye swali bila kuombwa mchapuko wa mzunguko, usihangaike kuitafutia pa kuiweka.

Mzigo mmoja uko mezani. Je, fomula ni ile ile?

Hapana, na ndiyo sababu nilikuambia ufuate uzi kwa kidole kwanza. Tuseme ule wa kilo 3 umekaa juu ya meza laini, uzi umepita kwenye kapi la ukingoni, na ule wa kilo 5 unaning'inia. Uzito wa kilo 3 sasa umebebwa na meza, haushindani na mtu. Anayevuta ni 50 N peke yake, lakini anavuta kilo zote 8. Mchapuko unakuwa 6.25 m/s², na mkazo 3 × 6.25, yaani 18.75 N.

Ona jambo hili: mkazo hapa ni mdogo hata kuliko uzito wa ule mzigo wa kilo 3. Ile kanuni ya "kati ya 30 na 50" haitumiki mezani, kwa sababu uzi hauinui kitu upande huo.

Meza ikiwa na msuguano, tuseme kizigeu chake ni 0.2, msuguano ni 0.2 × 30 = 6 N, nao unapingana na mwendo. Basi a = (50 − 6) / 8 = 5.5 m/s². Kwenye mkazo ndipo wengi huteleza: wanaandika T = 3 × 5.5 = 16.5 N na kuusahau msuguano. Uzi una kazi mbili, kuushinda msuguano na kuuchapusha mzigo, kwa hiyo T = 6 + 16.5 = 22.5 N. Jaribu kwenye upande unaoning'inia: 50 − 5 × 5.5 = 22.5. Zimekubaliana. Ile 16.5 isingekubaliana.

Mashine hii ilibuniwa kwa ajili ya nini? Nani anafunga mizigo hivi?

Anayeiandikia vitabu huiita mashine ya Atwood. George Atwood alikuwa mwalimu wa Cambridge, Uingereza, na aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1784. Shida aliyoitatua ilikuwa ya saa. Kitu kikianguka mita moja hutumia kama sekunde 0.45 tu, muda mfupi mno kuupima kwa saa za zamani zile. Alihitaji mwanguko wa polepole unaofuata sheria zile zile.

Chukua gramu 500 upande mmoja na gramu 520 upande wa pili. Tofauti ni gramu 20, lakini jumla inayosukumwa ni gramu 1,020. Mchapuko unashuka hadi kama 0.2 m/s², na mita moja sasa inachukua sekunde 3.2. Huo ni muda ambao hata mtu mwenye saa ya simu anaweza kuupima. Kadiri mizigo inavyokaribiana, ndivyo mwendo unavyopungua, lakini ndivyo pia msuguano mdogo wa kapi unavyoharibu matokeo. Ukiijaribu maabara na kapi la plastiki lenye kutu kwenye ekseli, gramu 20 huenda zisitoshe hata kulisogeza. Utapata mchapuko mdogo kuliko hesabu, kamwe si mkubwa. Ukipata mkubwa, umekosea kupima muda au umeusukuma mzigo ulipouachia.

Nje ya maabara mpango huu unaujua kama umewahi kuona kisima chenye ndoo mbili kwenye kapi moja. Ndoo tupu inayoshuka inamsaidia anayeivuta iliyojaa, kwa hiyo mkono unalipia maji tu, uzito wa ndoo zenyewe unajibebana.

Ndoano iliyoshika kapi darini inabeba kiasi gani?

Uzi unalivuta kapi chini mara mbili, mara moja kila upande. Kwa kapi lisilo na uzito ni 2 × 37.5 = 75 N. Wanafunzi huniandikia kwamba nimekosea, kwani kilo 8 ni 80 N. Wakati mizigo inatembea, si 80. Ule mzito unashuka kwa mchapuko na mwepesi unapanda, kwa hiyo kwa jumla tungamo linaelekea chini, na ndoano inapunguziwa 5 N. Shika mzigo mmoja kwa mkono usiende kokote, mkono ukivuta chini ule mwepesi mpaka utulie. Sasa mkazo ni 50 N pande zote, na ndoano inabeba 100 N. Mwanafunzi anayefunga ndoano kwa kuangalia hesabu ya mwendo tu anaweza kuing'oa kabla hajaachia mizigo.

Kipengele cha mwisho: mzito ukigonga sakafu, mwepesi unafanya nini?

Tuseme kilo 5 zilianza kutoka kwenye utulivu, mita 1.25 juu ya sakafu. Kwa mchapuko wa 2.5 m/s² zinafika baada ya sekunde 1, zikiwa na kasi ya 2.5 m/s. Mwepesi nao uko na kasi hiyo hiyo, lakini ukielekea juu.

Mzito ukitua na kukaa, uzi unalegea. Kuanzia hapo T ni sifuri, na ile 2.5 m/s² haina kazi tena. Mzigo wa kilo 3 sasa ni kama jiwe lililorushwa juu: mchapuko wake ni 10 m/s² kuelekea chini. Utapanda tena 2.5² / 20, karibu mita 0.31, kwa robo sekunde. Hakikisha juu yake kulikuwa na angalau mita 1.56 tangu mwanzo, vinginevyo utagonga kapi.

Halafu unarudi. Baada ya robo sekunde nyingine uko pale pale uzi ulipolegea, ukishuka kwa 2.5 m/s, na uzi unanyooka kwa ghafla ukitaka kuziinua kilo 5 kutoka sakafuni. Mshtuko huo ni mkubwa kuliko 37.5 N, na huwezi kuupata kwa milinganyo ya juu kwa kuwa unategemea uzi unavyonyumbulika. Uzi mwembamba uliostahimili safari nzima mara nyingi hukatikia hapo.